Pikipiki ya Baridi, Mwenye Kadi Mwenyewe

 Uliye dukani Kariakoo unafunga hesabu, uliye kwenye foleni ya Mtaa wa Uhuru, uliyekwisha kufika nyumbani umenyoosha miguu, karibuni nyote tuzungumze.

Leo nina mtu wangu mmoja ninayemlenga. Ni yule anayenunua pikipiki kwa mara ya kwanza, na anayenunua iliyotumika. Pesa amezikusanya kwa kijumbe, nyingine kakopa kwa shemeji. Sasa dalali kampigia simu: "Kaka, njoo Msimbazi, kuna Boxer hapa kali sana. Injini haijafunguliwa. Ni kuwasha na kuondoka." Ndugu yangu, ukifika pale Msimbazi utaangalia nini? Na utaanza na nini?

Jibu langu lina sehemu mbili, na nitalirudia mpaka ulishike. Pikipiki uikute ya baridi, na mwenye kadi umkute yeye mwenyewe. Pikipiki ya baridi, mwenye kadi mwenyewe. Haya mawili ndiyo wauzaji wasio waaminifu huyakwepa kwa kila njia, na yote mawili hayakugharimu hata senti.

Tuanze na ubaridi. Kwa nini nasema pikipiki uikute ya baridi? Kwa sababu injini iliyochoka hupiga kelele zake za kweli mara inapowashwa baada ya kulala usiku kucha. Oili yote imeshuka chini, vyuma vimesinyaa, nafasi iliyolika kati ya pistoni na silinda iko wazi. Ikishapata moto, pistoni inatanuka, baadhi ya kelele zinanyamaza. Muuzaji anayelijua hilo ataiwasha nusu saa kabla hujafika, aizungushe mtaa mmoja, halafu aipaki kivulini akusubiri.

Kwa hiyo patana naye siku moja kabla. Mwambie, "Nitakuja saa moja asubuhi, naomba usiiwashe." Ukifika, kabla ya salamu ndefu, sogeza kiganja karibu na silinda, usiguse kwanza. Kama hakuna joto, gusa. Chuma kiwe baridi kama nondo iliyolala nje. Ukikuta vuguvugu, usigombane na mtu. Mwambie utarudi kesho asubuhi, na akikuambia kuna mteja mwingine anakuja saa nne na pesa mkononi, mwache huyo mteja aje.

Injini ni ya baridi? Vizuri. Usiiwashe bado. Washa tochi ya simu yako, tuanze na fremu.

Ipaki pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali pa sakafu iliyo sawa. Geuza usukani upande mmoja, uangalie kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Utaona namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Hiyo ni namba ya chasisi. Kama imejaa vumbi na grisi, ipanguse kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha pitisha chaki juu yake. Chaki itaingia kwenye mikwaruzo na namba zitasomeka vizuri.

Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17, na inasema mengi ukiijua. Boxer iliyotengenezwa India na Bajaj huanza na MD2. TVS ya India huanza na MD6. Pikipiki za kutoka China huanza na herufi L. Na kuna jambo moja ambalo wagongaji wa namba bandia hulisahau: katika mfumo huu wa namba 17, herufi I, herufi O na herufi Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Ukiona O ya herufi katikati ya namba ya chasisi, au Boxer inayoanza na kitu kisichofanana na MD2, simama hapo hapo.

Halafu pitisha kidole juu ya namba. Namba za kiwandani zimegongwa kwa kina kinacholingana na zimekaa kwenye mstari. Namba zilizogongwa kwa nyundo vichochoroni moja huzama, nyingine huelea, ya tatu imelala upande. Tazama pia chuma kinachoizunguka. Kimepigwa msasa? Kuna rangi mpya ya kopo pale tu, wakati fremu nyingine yote imechakaa? Kuna kipande kimechomelewa juu? Lolote kati ya hayo, funga tochi yako uende zako. Usisubiri maelezo, maana maelezo yapo siku zote.

Ipige picha hiyo namba. Kisha tafuta namba ya injini, iliyogongwa chini kwenye mwili wa injini, nayo uipige picha. Tutazihitaji zote mbili baadaye tukifika kwenye kadi.

Sasa fremu yenyewe. Tuulizane: hii pikipiki imefanya kazi gani hapa mjini? Ukiona namba yake ni nyeupe, imesajiliwa ya biashara. Namba ya njano ni ya mtu binafsi, ingawa nayo inaweza kuwa imebeba watu. Bodaboda ya Kariakoo hubeba marobota ya mitumba, mitungi ya gesi, abiria mishikaki. Mzigo huo wote unakaa nyuma, na unavunja fremu nyuma, chini ya siti, pale shokapu za nyuma na keria zinapofungwa. Kwa hiyo muombe muuzaji afungue siti na vifuniko vya pembeni. Ni kazi ya spana moja ya kumi na bisibisi. Mulika kila mahali bomba linapokutana na bomba. Ufa huanza kama uzi mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi. Uchomeleaji wa kiwandani umepangika, mawimbi yake yanafanana. Uchomeleaji wa mtaani una mabonge, na mara nyingi umefunikwa rangi nene.

Je, fremu iliyochomelewa nyuma ni ya kukataa moja kwa moja? Kwa maoni yangu, hapana. Sehemu ya keria ikichomelewa vizuri inabeba, na utapunguziwa bei. Lakini fremu iliyochomelewa shingoni, au kwenye bomba linaloshuka mbele ya injini, hiyo ikatae hata ukipewa kwa nusu bei. Shingo ndiyo inayoshika gurudumu la mbele. Ikiachia ukiwa barabara ya Nyerere na lori nyuma yako, hakuna fundi wa kukusaidia.

Na ajali utaijuaje? Angalia tenki, pande mbili, pale ambapo ncha za usukani zingegonga kama usukani ungezungushwa kwa nguvu mpaka mwisho. Ukikuta bonyeo upande mmoja, pengine ilianguka tu ikiwa imepaki. Ukikuta pande zote mbili, hiyo iligonga kitu. Chini ya shingo kuna kivimbe cha chuma kinachozuia usukani usizunguke kupita kiasi. Kikiwa kimepinda au kimevunjika, habari ni ile ile. Halafu simama pembeni, tazama shokapu za mbele kutoka ubavuni. Ziwe zimenyooka na zilingane. Zikiwa zimerudi nyuma na gurudumu limesogelea injini, pikipiki imepigwa kwa mbele.

Mwisho wa fremu, rudi nyuma hatua tano, nyoosha usukani, chuchumaa, utazame gurudumu la nyuma na la mbele kwa pamoja. Yawe kwenye mstari mmoja. Kisha nenda ushike gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, kuna beringi au bushi za mkono wa nyuma zimekwisha. Fanya vivyo hivyo mbele, shika shokapu chini, vuta na sukuma. Ukisikia "tok" shingoni, beringi za shingo zimekwisha au zimelegea. Hivi ni vitu vya kutengeneza, si vya kukukimbiza. Viandike kwenye simu, ni hoja zako wakati wa kupatana bei.

Msikilizaji, bado hatujawasha. Bado tuna oili.

Tazama injini kwa nje. Injini ya pikipiki inayofanya kazi huwa na vumbi. Ukiikuta inang'aa kama sahani ya harusi, jiulize imeoshwa jana usiku kwa sababu gani. Kuosha si kosa, lakini kunafuta ushahidi. Njia ya kuurudisha ushahidi ni kipande cha boksi. Kitandike chini ya injini kabla hujaanza majaribio yako, na usikitoe mpaka mwisho. Kitambaa cheupe nacho kiwe mkononi.

Pangusa kwa kitambaa pale silinda inapokaa juu ya mwili wa injini, na pale hedi inapokaa juu ya silinda. Pangusa nyuma ya spoketi ya mbele, na pale shafti ya gia inapotokea. Oili mbichi hapo itachafua kitambaa chako. Uvujaji wa sili ya gia au sili ya spoketi ni wa kawaida kwenye pikipiki ya kazi, na sili ni kitu cha bei ndogo Gerezani. Uvujaji kwenye gasketi ya hedi ni jambo jingine. Pengine ni gasketi tu, pengine hedi imepinda kwa joto. Ukiona silikoni imebubujika kwenye maungio, ya rangi nyekundu au ya kijivu, basi injini ile imefunguliwa, hata kama dalali ameapa. Kufunguliwa si dhambi. Uliza ilifunguliwa lini, kwa nini, na fundi gani aliifunga. Anayekujibu kwa utulivu na kukutajia kilichobadilishwa, ringi, pistoni, valvu, huyo ana pikipiki ya kuzungumzia. Anayeendelea kuapa kwamba haijaguswa, na silikoni iko mbele ya macho yenu wote wawili, jiulize ni nini kingine anachokuapia.

Sasa chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi maana yake haijabadilishwa muda, si tatizo kubwa. Iliyo chini ya alama ni tatizo, maana mtu aliyeiendesha bila oili ya kutosha ameila injini. Lakini kuna rangi moja nataka uijue, hasa sisi wa huku Msimbazi: rangi ya chai ya maziwa. Oili ikiwa hivyo, ndani kuna maji.

Na maji yanatoka wapi? Mnalijua bonde letu. Mvua za masika au za vuli zikichachamaa, mto Msimbazi unafurika, Jangwani panafungwa, na pikipiki zilizopaki mabondeni zinazama. Watu wa mji huu wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, na yamerudi mara nyingi tangu hapo. Pikipiki iliyozama haitupwi. Inakaushwa, inaoshwa, inapakwa rangi, inauzwa. Itakwenda vizuri wiki kadhaa, kisha beringi za injini zinaanza kulalamika kwa kutu, na nyaya zinakufa moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo ukinunua baada ya masika au vuli, ongeza ukaguzi huu. Fungua taa ya mbele, skrubu ni chache tu, uangalie ndani ya bakuli lake. Watu huosha nje, ndani ya taa husahau. Ukikuta tope laini limekauka kule ndani, umepata jibu. Chomoa soketi moja ya nyaya chini ya siti. Ikiwa na ukungu wa kijani kwenye shaba, maji yalifika hapo. Na kioo cha spidi kikiwa na mvuke ndani, hilo nalo lina maana yake.

Haya, sasa tuwashe. Au subiri, jambo moja dogo. Kabla ya kuwasha, swichi ikiwa imezimwa, bonyeza kiki kwa mkono, taratibu. Iwe inakugomea, kisha inaachia. Ikishuka laini bila upinzani, injini haina mgandamizo, na mgandamizo ukikosekana ni ringi, silinda au valvu.

Washa. Na ukishawasha, nyamaza. Mwombe dalali naye anyamaze, maana wengi wao huanza kuongea hapo hapo na kuvuta mafuta, vuum, vuum, ili usisikie kitu. Iache ingurume yenyewe taratibu, usivute mafuta.

Unasikia nini? Sauti nyepesi, ya harakaharaka, juu kwenye hedi, kama cherehani: hizo ni tapeti. Kidogo ni kawaida kwa injini zinazopozwa na hewa, zikizidi zinarekebishwa kwa dakika chache na fundi anayejua. Mchakacho wa mnyororo, chakachaka, unaozidi ukiachia mafuta: huo ni mnyororo wa taiming umelegea. Unabadilishwa, gharama yake ni ya wastani. Mgongano unaosikika kwa baridi na kunyamaza injini ikipata moto: pistoni inapigapiga ndani ya silinda iliyolika. Hii ndiyo kelele ambayo ungeikosa kama ungeikuta pikipiki ya moto. Mnaona sasa kwa nini nasisitiza? Pikipiki ya baridi.

Bana klachi, usikilize. Kelele ikibadilika au ikipotea, tatizo liko upande wa klachi. Achia tena. Halafu sikiliza chini kabisa, tumboni mwa injini. Sauti nzito, ya kugonga, ko, ko, ko, inayoongezeka ukivuta mafuta, hiyo ni konrodi. Kuitengeneza ni kupasua injini nzima na kuitoa krenki. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, mimi nasema iache.

Sasa hapa kuna ujanja ambao lazima niueleze, maana umewaumiza wengi. Pikipiki nyingi za aina hii hutumia oili ya 20W-50. Mtu mwenye injini iliyochoka anaweza kumwaga oili hiyo akaweka nzito mno, hata ile ya gia za gari. Oili nzito inajaza nafasi zilizolika, na kelele zinapungua injini ikiwa ya baridi. Kwa hiyo ubaridi peke yake hautoshi. Dawa ya ujanja huu ni moto. Oili ikipata moto inalainika, na kelele ya konrodi iliyokuwa imefunikwa inarudi. Ndiyo maana unasikiliza mara mbili, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Iache ingurume, iendeshe dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha rudi usikilize tena tumboni.

Ukiwa unaendesha, tafuta barabara iliyotulia, si katikati ya wabeba mizigo wa Mtaa wa Kongo. Pita gia zote, kupanda na kushuka. Gia inayoruka yenyewe na kurudi huru ni kazi ya kufungua injini. Kwenye mwendo mdogo, legeza mikono kwenye usukani bila kuuachia, uone kama pikipiki inavuta upande. Ikivuta, rudi kwenye fremu uitazame tena. Na mtu uliyekuja naye abaki nyuma atazame eksozi. Moshi mweusi ni kabureta inamwaga mafuta mengi, si jambo kubwa. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka mara moja tu wakati wa kuwasha na kukoma, ni sili za valvu. Ukitoka mfululizo kila unapovuta mafuta, ni ringi na silinda.

Ukirudi, ipaki pale pale juu ya boksi. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, legeza kifuniko cha oili, uso wako ukiwa mbali. Pumzi kidogo ni sawa. Ikipuliza kwa nguvu pamoja na moshi, mgandamizo unapita kwenye ringi na kushuka chini. Kisha zima, usubiri dakika kumi, utazame boksi lako pale chini. Tone moja liko wapi? Chini ya nati ya kumwagia oili? Chini ya kabureta, ni petroli? Chini ya shokapu ya mbele? Boksi linakuonyesha mahali, na wewe unafuata juu mpaka chanzo.

Msikilizaji, tuseme injini imekupendeza. Ni hapa ndipo watu hulegea. Wamesikiliza, wameendesha, moyo umekwisha kuondoka na pikipiki, na karatasi wanaziangalia juu juu. Nawasihi sana, ndugu zangu. Injini mbovu utaitengeneza. Pikipiki isiyo ya muuzaji hutaitengeneza popote.

Sheria iko wazi: asiye na mali hawezi kukupa haki ya mali hiyo. Hata kama ulilipa bei kamili, hata kama ulikuwa na nia njema, mwenyewe akijitokeza anaichukua. Na kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa la jinai.

Sasa tuchukue mfano. Muuzaji anakupa kadi ya usajili ya TRA. Jina kwenye kadi ni la mtu mwingine. Anakueleza kwamba yeye alinunua kwa fulani, na fulani alinunua kwa mwenye kadi, na anakutolea mikataba miwili ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono. Hali hii ni ya kawaida sana Kariakoo, kwa sababu watu hukwepa gharama ya kuhamisha umiliki na kupokezana kadi tu. Ufanyeje? Umtafute mwenye kadi mwenyewe. Uhamisho unahitaji yeye, kwa kitambulisho chake na namba yake ya TIN, maana kwa TRA yeye ndiye mmiliki. Asipopatikana, wewe unanunua chuma na kalamu iliyoandika mikataba, hununui pikipiki. Mwenye kadi mwenyewe, msikilizaji.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, na ndio unaoongezeka hapa mjini. Kijana ni dereva wa bodaboda, pikipiki ameichukua kwa mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, au kila wiki analipa kwa kampuni ya mikopo, mpaka deni liishe ndipo akabidhiwe kadi. Katikati ya safari mambo yamemshinda, anaamua kuiuza. Kadi hana. Atakuonyesha kivuli chake, au picha kwenye simu, na kukuambia halisi iko kijijini kwa mama. Usinunue kwa kivuli cha kadi. Nyingi za pikipiki hizi zimefichwa kifaa cha kufuatilia mahali zilipo. Ukifungua siti au tenki ukaona kijisanduku cheusi chenye nyaya zilizounganishwa kwenye betri, au waya uliokatwa ukabaki unaning'inia, uliza ni cha nani. Na wa tatu ni yule anayesema kadi imepotea, ana taarifa ya polisi. Taarifa ya upotevu inathibitisha kwamba mtu alikwenda kuripoti. Haithibitishi kwamba pikipiki ni yake. Mwambie akachukue kadi mpya TRA kwanza, wewe utasubiri.

Kadi ikiwa halisi na mwenyewe yupo, zitoe zile picha zako mbili. Soma namba ya chasisi, tarakimu kwa tarakimu, dhidi ya kadi. Soma namba ya injini. Soma namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC. Namba ya injini ikitofautiana, pengine injini ilibadilishwa. Basi mabadiliko hayo yaingizwe TRA na muuzaji kabla hujalipa, kwa sababu baada ya kulipa mzigo ni wako. Namba ya chasisi ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, hakuna mazungumzo.

Kisha ingia tms.tpf.go.tz, mfumo wa polisi wa usalama barabarani, uandike namba ya pikipiki uone madeni ya faini. Madeni yalipwe na aliyeyafanya, au yakatwe kwenye bei. Halafu nendeni pamoja, wewe na muuzaji, ofisi ya TRA, mthibitishe kadi na kuanza uhamisho. Mnahitaji kadi halisi, mkataba wa mauziano uliothibitishwa na wakili, vitambulisho na TIN za nyote wawili. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Tuseme mmekubaliana shilingi milioni 1 na laki 8, basi ushuru huo ni shilingi 18,000, pamoja na ada ya uhamisho na ya kadi mpya. Nani analipa? Semeni mapema na mwandike kwenye mkataba, maana hapo ndipo wengi hugombana.

Pesa zenyewe usitembee nazo mfukoni kwenye msongamano wa Kariakoo. Lipa kwa benki au kwa simu, kwa jina lile lile lililo kwenye kadi, ili muamala uwe ushahidi. Kama ni lazima mkutane na fedha taslimu, pendekeza mkutane karibu na Kituo cha Polisi Msimbazi. Muuzaji wa kweli hatajali. Anayepabadilisha mahali ghafla, mara Jangwani, mara Ilala, mara kichochoro fulani, usimfuate.

Na siku utakayokabidhiwa, omba funguo zote mbili, andikeni saa na tarehe ya makabidhiano kwenye mkataba, mbele ya mashahidi. Kama pikipiki hiyo ilifanya tukio asubuhi ile ikiwa kwa mmiliki wa zamani, saa hiyo itakulinda. Kutoka hapo pita kwa fundi umwage oili yote, hata kama inaonekana nzuri, uweke mpya unayoijua. Na ile uliyoimwaga ichuje kwenye kitambaa cheupe. Ukiona vumbi la kung'aa la chuma, mwonyeshe fundi kabla hujaanza kubeba abiria.